Ovahedi iliyotozwa pungufu mwisho wa mwaka: tuigawe au tuimalizie kwenye gharama ya mauzo? Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wahasibu na wenye viwanda vidogo vya hapa Kigoma: wa sabuni, wa unga, wa samani. Majibu yote yanatumia kiwanda kimoja cha mfano, cha sabuni ya miche inayotengenezwa kwa mawese. Tarakimu tumezitunga wenyewe ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Mwaka wake unaisha tarehe 31 Desemba.

Ovahedi "iliyotozwa pungufu" ni kitu gani hasa?

Ukipika sabuni, mawese na kostiki soda unaweza kuzipima na kusema pipa hili limeingia kwenye sabuni ile. Lakini dizeli ya jenereta, kuni za boila, kodi ya jengo, mshahara wa msimamizi na uchakavu wa mashine haviwezi kupimwa hivyo. Hiyo ndiyo ovahedi ya uzalishaji. Huwezi pia kusubiri mpaka Desemba ujue jumla yake, kwa sababu mteja wa Kasulu anataka bei leo. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka unakadiria ovahedi yote, unakadiria saa za kazi, unagawanya, unapata kiwango cha kutoza.

Kiwanda chetu kilikadiria ovahedi ya shilingi 90,000,000 na saa 30,000 za mafundi. Kiwango kikawa shilingi 3,000 kwa saa. Mwaka ulipokwisha, saa zilizofanyika kweli zilikuwa 28,000, kwa hiyo sabuni ilibebeshwa 84,000,000. Lakini bili zilizolipwa na zinazodaiwa zilifika 96,600,000. Shilingi 12,600,000 zimetumika na hakuna mche hata mmoja uliozibeba. Zimebaki kama salio la debiti kwenye akaunti ya ovahedi, nawe huwezi kufunga vitabu ukaliacha hapo.

Zinaweza kwenda wapi?

Njia zinazojulikana ni mbili. Ya kwanza ni kuzimalizia zote kwenye gharama ya bidhaa zilizouzwa, ambayo wengi tunaiita gharama ya mauzo. Ya pili ni kuzigawa kwa uwiano katika sehemu tatu ambako ovahedi ya mwaka huu imelala: sabuni ambayo haijakamilika, sabuni iliyokamilika iliyo stoo, na sabuni iliyokwisha kuuzwa.

Kuna ya tatu, ya kurudia hesabu ya kila oda kwa kiwango halisi. Ni sahihi kuliko zote, na kwa mwenye kompyuta iliyopangwa vizuri si kazi kubwa. Kwa kiwanda kinachoandika oda kwenye daftari la kaunta, tuiache.

Kwa nini nisimalizie yote kwenye gharama ya mauzo? Ni ingizo moja tu.

Ni kweli ni ingizo moja:

```
Debiti   Gharama ya mauzo        12,600,000
Krediti  Ovahedi ya uzalishaji   12,600,000
```

Kama ungekuwa na mkate badala ya sabuni, ningekuambia fanya hivyo ukalale. Mwoka mikate wa Mwanga jioni ya tarehe 31 hana mkate stoo wala unga uliokandwa. Ovahedi yake yote ya mwaka imekwishauzwa, na ukigawa kwa uwiano utarudi palepale, kwani sehemu mbili za kwanza ni sifuri.

Sabuni haiko hivyo. Kiwanda chetu kilifunga mwaka na kilo 22,500 zilizokamilika stoo na kilo nyingine 15,000 zimemwagwa kwenye fremu zinakauka. Sabuni hizo zilikula dizeli ileile na kuni zilezile zilizopanda bei. Ukimtwisha mteja wa mwaka huu mzigo wote, sabuni iliyo stoo itaonekana imetengenezwa kwa gharama ndogo kuliko ukweli, na mwakani ikiuzwa itakuletea faida ambayo sehemu yake si ya mwakani.

Basi kugawa kwa uwiano ndiyo njia sahihi siku zote?

Hapana. Hapa ndipo tunapoona makosa mengi zaidi, hata kwa waliofaulu mitihani ya Bodi. Vitabu vya shule huweka njia mbili mezani na kukuambia ya kugawa ni sahihi zaidi na ya kumalizia ni rahisi zaidi, chagua kulingana na ukubwa wa kiasi. Hiyo ni nusu ya habari. Kabla ya kuuliza ziende wapi, uliza zimetoka wapi.

Tanzania inatumia viwango vya kimataifa vya uhasibu tangu tarehe 1 Julai 2004, na kiwango cha bidhaa za stoo ni IAS 2. Aya yake ya 13 inasema ovahedi isiyobadilika inapachikwa kwenye bidhaa kwa kufuata uwezo wa kawaida wa kiwanda. Uzalishaji ukishuka au mashine ikisimama, kiasi kwa kila bidhaa hakipandishwi kwa sababu hiyo. Ovahedi iliyokosa bidhaa ya kuibeba inakuwa matumizi ya mwaka uleule ilipotokea.

Kwa maneno ya kiwandani: kodi ya jengo ya wiki ambazo boila ilikuwa imezimika haikutengeneza sabuni yoyote. Huwezi kuichukua ukaipaka juu ya miche iliyo stoo ukasema ndiyo thamani yake.

Nitajuaje sehemu ipi imetokana na nini?

Unahitaji kitu kimoja ambacho wengi hawakukiandaa Januari: bajeti ya ovahedi iliyotenganishwa, isiyobadilika kando na inayobadilika kando. Kwenye ile 90,000,000 ya kiwanda chetu, 60,000,000 haibadiliki (kodi ya jengo, uchakavu, mishahara ya usimamizi, ulinzi), na 30,000,000 inafuata saa za kazi (dizeli, kuni, vilainishi). Kwa hiyo ndani ya kile kiwango cha shilingi 3,000 mna shilingi 2,000 zisizobadilika na 1,000 zinazobadilika.

Saa zilipungua kutoka 30,000 hadi 28,000. Saa 2,000 ambazo hazikufanyika, mara shilingi 2,000, ni shilingi 4,000,000. Hizo ni za uwezo uliolala.

Zilizobaki, 8,600,000, ni za matumizi kuzidi. Zihakikishe kwa njia nyingine, usizipate kwa kutoa tu. Kwa saa 28,000 bajeti ingeruhusu 60,000,000 na 28,000,000, jumla 88,000,000. Zimetumika 96,600,000. Tofauti ni 8,600,000. Njia mbili zikikutana, endelea. Zisipokutana, kuna kosa la hesabu, au sehemu mbili za bajeti yako hazirudi 90,000,000 zikijumlishwa.

Kisha fungua bili za zile 8,600,000. Katika mfano wetu ni dizeli na kuni zilizopanda bei tangu katikati ya mwaka. Sabuni yote iliyotengenezwa ilizihitaji, hivyo ni gharama halali ya sabuni, na kosa lilikuwa kwenye makadirio yetu. Kama ndani yake ungekuta bomba lililopasuka likamwaga pipa zima la mchanganyiko, hiyo ungeitoa na kuipeleka kwenye matumizi, maana IAS 2 haikubali hasara isiyo ya kawaida iwe sehemu ya thamani ya bidhaa.

Saa 28,000 badala ya 30,000: si tofauti ya kawaida tu?

Swali zuri, na linaweza kubadilisha jibu. Uwezo wa kawaida si lengo ambalo mwenye kiwanda alilitangaza kwenye kikao cha Januari. Ni wastani wa kile kinachotarajiwa kwa miaka kadhaa katika mazingira ya kawaida, ukiwa umeshaondoa muda wa matengenezo yaliyopangwa. Kama daftari la saa la miaka iliyopita linaonyesha 27,800, 28,300, 28,100, basi 28,000 ndiyo kawaida yako na ile 30,000 ilikuwa ndoto. Hapo utakuwa umekosea kiwango, hukulaza mashine, na IAS 2 yenyewe inakuruhusu kutumia uzalishaji halisi ukiwa karibu na uwezo wa kawaida. Zile 4,000,000 zingeingia kwenye mgao pamoja na nyingine.

Katika kiwanda chetu miaka ya nyuma ilikuwa ikicheza karibu na 30,000. Mwaka huu boila ilisimama kwa wiki kadhaa ikisubiri kipuri kutoka Dar es Salaam, na kila aliyewahi kusubiri mzigo mwisho wa reli ya kati anajua siku zinavyohesabika. Fomu ya matengenezo ina tarehe, vitabu vya saa vina mapengo kwenye tarehe hizohizo. Huo ndio ushahidi wa uwezo uliolala. Bila karatasi ya namna hiyo, mkaguzi atakuuliza na hutakuwa na la kumwonyesha.

Nigawe kwa uwiano wa nini?

Kwa uwiano wa ovahedi iliyotozwa mwaka huu ambayo bado imo ndani ya kila akaunti. Kwa kiwanda chetu zile 84,000,000 zimelala hivi: sabuni ambayo haijakamilika 4,200,000, iliyokamilika 12,600,000, iliyouzwa 67,200,000. Yaani asilimia 5, 15 na 80.

Ukizigawa 8,600,000 kwa uwiano huo unapata 430,000, kisha 1,290,000, kisha 6,880,000. Halafu unaongeza zile 4,000,000 za uwezo uliolala moja kwa moja kwenye gharama ya mauzo, iwe 10,880,000:

```
Debiti   Sabuni isiyokamilika        430,000
Debiti   Sabuni iliyokamilika      1,290,000
Debiti   Gharama ya mauzo         10,880,000
Krediti  Ovahedi ya uzalishaji    12,600,000
```

Baada ya ingizo hili akaunti ya ovahedi lazima isome sifuri. Ukikuta inasoma 25,200,000 umegeuza debiti na krediti. Usicheke, hutokea kila mwaka.

Angalia neno "mwaka huu". Kama Januari ulianza na sabuni ya mwaka jana stoo na imeuzwa, ovahedi iliyokuwa ndani yake iliwekwa kwa kiwango cha mwaka jana. Itoe kwenye uwiano. Namna rahisi ya kujikagua ni kwamba sehemu zako tatu zikijumlishwa lazima zirudi 84,000,000 kamili. Zikizidi, kuna ya mwaka jana imo.

Mimi hugawa kwa masalio ya jumla ya akaunti. Nimekosea?

Umerahisisha, na ubaya wake unategemea kilichomo ndani ya akaunti. Masalio ya jumla ya kiwanda chetu ni 24,000,000 kwa sabuni isiyokamilika, 45,000,000 kwa iliyokamilika na 231,000,000 kwa iliyouzwa: asilimia 8, 15 na 77. Sabuni iliyo kwenye fremu ingepata 688,000 badala ya 430,000.

Sababu yake inaonekana kwa macho. Mawese yote huingia siku ya kwanza ya kupika, lakini kukata, kupiga mhuri na kufunga bado. Kilo moja iliyo kwenye fremu imebeba mawese kamili na nusu tu ya ovahedi. Ukigawa kwa salio la jumla, unaitoza dizeli kwa sababu ina mafuta mengi ndani yake.

Hapa tofauti ni shilingi 258,000, na sitagombana nawe kwa hiyo. Lakini kama ungefunga mwaka siku chache baada ya kupika oda kubwa, fremu zimejaa na stoo tupu, kosa lingekua sana. Ovahedi iliyomo kwenye kila akaunti si siri: ni saa zilizoandikwa kwenye kadi za kazi mara 3,000. Kama kadi zipo, sioni sababu ya kutumia njia ya mkato.

Na mapipa ya mawese ambayo hayajafunguliwa, yapate sehemu?

Hapana. Hayajaguswa na fundi wala jenereta. Malighafi haina ovahedi ya uzalishaji ndani yake, kwa hiyo haigawiwi kitu. Tumewahi kuona karatasi ya mtu aliyezigawia hata kostiki soda iliyo kwenye magunia.

Faida inabadilika kiasi gani kati ya njia hizi?

Kabla ya kugusa zile 12,600,000, kiwanda chetu kilikuwa na faida ya 22,000,000. Ukimalizia zote kwenye gharama ya mauzo inabaki 9,400,000. Ukigawa zote bila kuuliza chanzo, 11,920,000. Ukitenganisha chanzo kama tulivyofanya, 11,120,000.

Kati ya njia ya ingizo moja na njia tuliyoifuata kuna 1,720,000. Ukiilinganisha na mauzo, ambayo ni kilo 120,000 kwa shilingi 2,400, yaani 288,000,000, ni kitu kidogo mno. Ukiilinganisha na faida ya 9,400,000 ni kama asilimia 18. Ndiyo maana sipendi jibu la "kiasi ni kidogo, malizia tu" lililotolewa kwa kutazama mauzo. Anayesoma hesabu zako, iwe benki au mbia, anatazama faida na thamani ya stoo, kwa hiyo pima hapo. Kama tofauti ingekuwa shilingi 90,000, ningemalizia yote na kuandika mstari mmoja kwenye karatasi za kazi kueleza kwa nini.

Bosi anataka tumalizie zote ili kodi ipungue. Inafaa?

Mwambie kwanza anachopata. Kwa kampuni, kodi ya mapato ni asilimia 30, na asilimia 30 ya 1,720,000 ni 516,000. Hizo hazifutiki. Sabuni ya stoo ikiuzwa mwakani itakuwa na gharama ndogo vitabuni, faida itakuwa kubwa kwa kiasi kilekile, na 516,000 zitadaiwa hapo. Ameahirisha tu.

Kisha mwambie anachohatarisha. Akimalizia mwaka huu kwa sababu ya kodi, mwakani akagawa kwa sababu anatafuta mkopo, mkaguzi ataiona tabia hiyo kwa kuweka miaka miwili sambamba. Njia huchaguliwa kwa chanzo cha upungufu na uzito wake, inaandikwa, na inafuatwa mwaka hadi mwaka.

Nikishaongeza thamani ya stoo, nimemaliza?

Bado hatua moja inayosahaulika. Bidhaa ya stoo haibaki vitabuni juu ya kile utakachopata ukiiuza, ukiondoa gharama za kuimaliza na kuiuza. Sabuni yetu iliyokamilika imepanda kutoka 45,000,000 hadi 46,290,000. Kwa kilo 22,500 ni kama shilingi 2,057 kwa kilo. Bei ya kuuzia ni 2,400, usafiri na upakiaji 150, zinabaki 2,250. Tuko salama.

Lakini kama bei sokoni ingeshuka hadi 2,150, zingebaki 2,000 tu. Ungekuwa umegawa kwa uangalifu, halafu ukalazimika kuishusha stoo kwa shilingi 57 na ushee kila kilo, karibu 1,290,000 zote ulizoongeza. Hivyo kabla ya kutumia nusu siku kugawa, piga simu kwa muuzaji wako wa Ujiji uulize bei ya wiki hii.

Tufanye hivi kila mwezi?

Usifanye. Ndani ya mwaka salio hupanda na kushuka lenyewe. Mwezi wa kuni nyingi zilizonunuliwa pamoja utaonyesha upungufu, mwezi unaofuata utaonyesha ziada. Liache lining'inie, ila litazame. Likiendelea kukua upande mmoja kwa miezi mitatu au minne, kiwango cha 3,000 kimepitwa na wakati, na ni afadhali kukibadilisha Julai kuliko kubeba milioni 12 hadi Desemba. Hata bei unazowapa wateja zinakaa juu ya kiwango hicho.

Na ikiwa tumetoza zaidi ya tulichotumia?

Ishara zinageuka: ovahedi ya uzalishaji inapata debiti, akaunti tatu zinapata krediti. Tahadhari moja tu. Kama ziada imetokana na kufanya kazi saa nyingi kupita kawaida, IAS 2 inakutaka upunguze ovahedi isiyobadilika iliyo kwenye kila bidhaa, stoo isikae juu ya gharama halisi. Kwa hiyo hapo stoo lazima ipate mgao wake wa kupunguzwa. Kuipeleka ziada yote kwenye gharama ya mauzo kungepandisha faida ya mwaka huu kwa sabuni ambayo bado imepangwa kwenye rafu, na hilo ndilo mkaguzi huja amelivalia miwani.